Kurusha skrini ya Windows kwenye runinga bila waya: kuunganisha, kupima kuchelewa, na pale njia hii inapogoma

Semina inaanza saa tatu asubuhi. Runinga ya inchi 55 imebanwa ukutani, matundu yake ya HDMI yako kwa nyuma ambako hata kidole hakipenyi, na waya uliokuja nao una mita moja na nusu. Mtu wa viti vya nyuma anakwambia, "Si ubonyeze Windows na K tu?" Unabonyeza, jina la runinga linajitokeza, picha inaruka ukutani, kila mtu anafurahi. Baada ya dakika kumi kishale cha kipanya kinaanza kuyumba kama mtu aliyetoka kilabuni, video uliyoandaa inakatakata, na aliyekushauri ametoka nje kupokea simu.

Nimekuwa kwenye semina za namna hiyo mara nyingi, mara nyingine nikiwa mwenye kompyuta, mara nyingine nikiwa yule niliyeitwa kuokoa jahazi. Nitakueleza njia nzima kwa kutumia mfano huohuo: kompyuta mpakato moja yenye Windows 11, runinga moja, na intaneti inayotoka kwenye simu. Ukiwa na Windows 10 hatua ni zilezile, baadhi ya majina tu ndiyo yatatofautiana.

Kwanza ujue kinachosafiri hewani

Teknolojia yenyewe inaitwa Miracast. Ililetwa na muungano wa watengenezaji wa vifaa vya Wi-Fi, Wi-Fi Alliance, mwaka 2012, na Windows imekuja nayo tangu toleo la 8.1 la mwaka 2013. Kwa hiyo huhitaji kupakua programu yoyote. Ukikutana na tovuti inayokuuzia "programu ya Miracast ya Windows", ipite.

Watu huichanganya na kile kitufe cha kurusha video kilichomo kwenye programu za simu. Kwa kawaida kitufe kile hufanya kazi kwa namna nyingine kabisa: simu inaiambia runinga video iko wapi mtandaoni, kisha runinga inaifuata yenyewe. Unaweza kuendelea kuandika ujumbe na video isitikisike. Miracast haina habari na video wala slaidi. Inachukua skrini yako yote kama ilivyo, inaigeuza kuwa picha za video papo hapo, inazibana, inazirusha, na runinga inazifungua. Skrini yako inakuwa matangazo ya moja kwa moja, na kompyuta yako ndiyo kituo cha kurushia.

Kwa nini ibane? Hebu tupige hesabu. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina nukta milioni 2 na ushee. Kila nukta inahitaji biti 24 za rangi, na picha inabadilishwa mara 60 kwa sekunde. Zidisha, utapata karibu gigabiti 3 kwa kila sekunde moja. Wi-Fi ya kompyuta ya kawaida haiwezi kubeba mzigo huo. Kwa hiyo picha hubanwa kwa H.264, mbinu ileile inayotumika kwenye video nyingi za simu, mpaka mzigo ushuke kufikia megabiti chache au makumi machache kwa sekunde. Kubana huko, kusafirisha, kusubiri vipande vilivyochelewa njiani, kisha kufungua, ndiko kunakozaa ule uchelewaji tutakaoupima hapo chini.

Habari njema ni kwamba hakuna bando linaloliwa. Kompyuta na runinga huunda njia yao ya redio, inayoitwa Wi-Fi Direct, bila kupitia rauta wala mtandao wa simu. Hata ukiwa kijijini kusikoshika mtandao, itafanya kazi. Kuna namna ya pili ambayo Windows 10 ilianza kuitumia mwaka 2017, ambapo picha hupita kwenye mtandao wa ndani wa ofisi ikiwa kipokezi nacho kimeunganishwa humo na kinaielewa namna hiyo. Utaikuta zaidi kwenye vipokezi vya vyumba vya mikutano. Runinga ya kawaida ya nyumbani au ya ukumbini nyakati nyingi itakupeleka kwenye ile njia ya moja kwa moja.

Hatua ya 1: hakikisha kompyuta yako inaweza

Fanya hivi siku moja kabla, usisubiri ukumbini. Bonyeza kitufe cha Windows, andika `cmd`, fungua Command Prompt, kisha andika:

```
netsh wlan show drivers
```

Yatatoka maandishi mengi. Shuka mpaka karibu na mwisho utafute mstari huu:

```
Wireless Display Supported : Yes (Graphics Driver: Yes, Wi-Fi Driver: Yes)
```

Yes zote tatu zikiwapo, uko salama. Ukiona No, angalia ndani ya mabano ni upande gani umekataa. `Graphics Driver: No` ina maana draiva ya kadi ya picha ni ya zamani, au Windows imeweka ile ya msingi tu baada ya kompyuta kupigwa upya. Hili la pili ndilo ninalokutana nalo sana kwenye kompyuta zilizotumika: fundi aliweka Windows, akaona skrini inawaka, akarudisha mzigo kwa mwenyewe. Dawa yake ni kushusha draiva kutoka tovuti ya aliyetengeneza kompyuta au kadi ya picha. `Wi-Fi Driver: No` hutokea zaidi kwenye kompyuta za mezani zenye kidude kidogo cha USB cha Wi-Fi, na hapo mara nyingi draiva haisaidii. Kidude chenyewe ndicho hakiwezi.

Hatua ya 2: iandae runinga

Kuna runinga zinazosikiliza muda wote, na kuna zinazotaka uziambie zisikilize. Kwenye orodha ya vyanzo vya picha au ya programu, tafuta jina kama Screen Mirroring, Screen Share au Wireless Display. Watengenezaji hawakukubaliana jina, na wachache sana huandika neno Miracast lenyewe.

Hapa kuna mtego wa kuujua mapema. Kifaa cha Chromecast hakipokei Miracast, na Apple TV nayo hutumia lugha yake ya AirPlay. Ukibonyeza Windows na K usikione kifaa chako kabisa, kabla ya kuanza kulaumu kompyuta jiulize kwanza kama kifaa hicho kinaongea lugha hii.

Ikiwa ukumbini kuna projekta ya zamani na kompyuta nyingine iliyounganishwa nayo kwa waya, kompyuta hiyo inaweza kuwa kipokezi. Kwenye Windows 10 na 11 nenda Settings, System, Projecting to this PC, uongeze kipengele kinachoitwa Wireless Display kutoka Optional features. Kupakua kipengele hicho kunahitaji intaneti mara moja, kwa hiyo kifanye nyumbani. Ukishakifungua, kompyuta ile inaonekana kwa wengine kama runinga, nayo projekta inakuwa imepata uhai mpya bila kununua kitu.

Hatua ya 3: unganisha

1. Washa Wi-Fi ya kompyuta. Si lazima iwe imeungana na mtandao wowote, iwe imewashwa tu.
2. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na K. Orodha ya vipokezi itatokea pembeni ya skrini. Ipe sekunde kumi au kumi na tano.
3. Bofya jina la runinga. Runinga inaweza kuuliza kama uruhusiwe, au kuonyesha tarakimu za siri za kuandika kwenye kompyuta. Kubali kwa rimoti. Kama aliyeshika rimoti atabonyeza kukataa, runinga nyingi hukumbuka kukataa huko, na kila utakapojaribu tena itakutema bila kueleza sababu. Itabidi uingie kwenye mipangilio ya runinga, sehemu ya vifaa vilivyowahi kuungana, uondoe jina la kompyuta yako kwenye waliozuiwa.
4. Picha ikishatokea, bonyeza kitufe cha Windows na P. Chagua Duplicate ikiwa unataka runinga ionyeshe kilekile unachokiona, au Extend ikiwa unataka runinga iwe skrini ya pili inayojitegemea.

Kwa semina mimi huchagua Extend, slaidi zikae ukutani na maelezo yangu yabaki mbele yangu. Lakini Duplicate ina faida moja ambayo wengi hawaijui: Windows huzuia yenyewe arifa zisijitokeze unapokuwa umerudufu skrini, mradi hujaizima sheria hiyo kwenye mipangilio. Kwenye Extend usitegemee ulinzi huo. Washa Do not disturb mwenyewe, la sivyo ujumbe wa shemeji unayedaiwa naye utasomwa na ukumbi mzima.

Hatua ya 4: pima kuchelewa

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayokwambia nini utaweza kufanya na nini hutaweza. Huhitaji kifaa cha maabara. Simu yenye kamera inatosha.

Weka skrini kwenye Duplicate. Fungua programu ya Clock ya Windows, nenda Stopwatch, ipanue iwe kubwa, uianzishe. Sasa simama mahali ambapo simu inaziona skrini zote mbili, ya kompyuta na ya runinga, kwa pamoja, upige picha moja. Kompyuta itaonyesha namba kubwa kidogo kuliko runinga, kwa kuwa runinga inaonyesha kilichokwisha kupita. Tofauti kati yao ndiyo kuchelewa kwako.

Kwenye mfano wetu, picha ya kwanza ilionyesha sekunde 14.73 kwenye kompyuta na 14.52 kwenye runinga, yaani 0.21 ya kuchelewa. Usiishie kwenye picha moja, kwa sababu skrini hubadilika hatua kwa hatua na kamera inaweza kunasa katikati ya badiliko, tarakimu ya mwisho ikatoka kama kivuli. Nilipiga tano: 0.21, 0.19, 0.24, 0.18 na 0.23. Jumla yake ni 1.05, gawa kwa tano, unapata 0.21. Kwa hiyo runinga ile iko nyuma kwa takriban moja ya tano ya sekunde. Ni kipimo cha kawaida kwa Miracast. Vifaa vizuri vikiwa karibu vinaweza kushuka mpaka karibu 0.1, na vikiwa hovyo huvuka 0.3 bila haya.

Zaidi ya wastani, tazama mtawanyiko. Namba tano zinazokaribiana, hata kama ni kubwa, maana yake njia ni tulivu. Ukipata 0.2, 0.2, 0.9, 0.2, 0.7, basi kuna kitu kinaikatiza redio, na hapo hakuna marekebisho ya runinga yatakayokusaidia. Nitarudi kwenye hilo.

Sasa 0.21 ina maana gani mkononi? Slaidi haziathiriki hata kidogo, hakuna atakayejua kwamba ulibonyeza robo ya sekunde kabla. Kuandika huku unatazama runinga kunachosha, kwa sababu vidole vimeshafika neno la pili wakati jicho bado linaona herufi za la kwanza. Kipanya ndicho kinachoumbua zaidi: unakisogeza, unaona hakijafika, unaongeza, kumbe kilishafika na sasa kimepitiliza. Yule mlevi wa kilabuni ndiye huyo. Dawa yake haina gharama: mwenye kipanya aangalie skrini ya kompyuta, aiache runinga kwa watazamaji. Mtu akiweza kujizuia asigeuke kutazama ukuta, nusu ya malalamiko ya kuchelewa huisha.

Filamu au video iliyorekodiwa nayo haina shida, ilimradi sauti nayo inatoka kwenye runinga, maana sauti na picha huchelewa pamoja na midomo inakwenda sawa. Matatizo huanza pale sauti inapobaki kwenye spika za kompyuta, au kwenye spika kubwa iliyochomekwa kompyuta kwa waya. Sauti inafika sasa hivi, picha inafika baadaye, na msemaji anaonekana kama filamu iliyotafsiriwa vibaya. Bofya alama ya spika chini kulia, fungua orodha ya vifaa vya sauti, uchague jina la runinga.

Kwenye mkutano wa mtandaoni mimi hufanya kinyume. Sauti ikitoka runingani ikiwa imechelewa, maikrofoni ya kompyuta huinasa, na walio upande wa pili wanaweza kujisikia wenyewe kama mwangwi. Hapo acha sauti itoke kwenye kompyuta na uvumilie midomo kutofautiana kidogo. Mchezo wa mpira wa kwenye kompyuta wa kushindana na mtu? Kwa 0.21, mpe mwenzako ushindi mapema mkapumzike.

Kupunguza kuchelewa

Windows ina mpangilio ambao umejificha kwenye kibaraza kidogo kinachotokea juu ya skrini unapokuwa umeungana. Kibofye alama ya gia, utaona hali tatu: ya michezo, ya kazi, na ya kutazama video. Hazibadilishi ubora wa redio yako. Zinabadilisha muda ambao picha zinasubirishwa kabla ya kuonyeshwa. Hali ya michezo hupunguza kusubiri, hivyo kishale kinakuwa chepesi, lakini kila kipande cha picha kitakachochelewa njiani kitaonekana kama mkato. Hali ya video hufanya kinyume: inakusanya akiba, kuchelewa kunaongezeka, na video inatiririka bila kukatika. Ya kazi iko katikati. Ukiielewa biashara hiyo ya kubadilishana, hutashangaa tena kwa nini umepunguza kuchelewa na video ikaanza kukwama.

Runinga nayo ina mchango. Nyingi huongeza utengenezaji wao wa picha, kulainisha mwendo na kunoa kingo, na kazi hiyo inakula muda. Ikiwa runinga inakuruhusu kuweka hali ya mchezo ukiwa kwenye chanzo cha kurusha skrini, iweke, kisha upime tena kwa saa ileile.

Redio moja, mabwana wawili

Sasa turudi kwenye ile semina ambapo picha ilikuwa safi dakika kumi kisha ikavurugika. Kilichobadilika ni kidogo sana: mtoa mada alifungua hotispoti ya simu yake na kuunganisha kompyuta, ili aonyeshe ukurasa mmoja wa wavuti.

Kadi ya Wi-Fi ya kompyuta mpakato nyingi ina redio moja ya kweli. Hotispoti ya simu ilikuwa kwenye masafa ya 2.4 GHz, chaneli ya 6. Njia ya Miracast kati ya kompyuta na runinga ilikuwa kwenye 5 GHz, chaneli ya 36. Redio haiwezi kuwa sehemu mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo ikawa inarukaruka: inakaa kidogo kwa simu, inakimbia kwa runinga, inarudi kwa simu. Kila inapokuwa kwa simu, picha za runinga zinasubiri kwenye foleni. Intaneti inapotulia, runinga inapata muda mwingi na picha inatulia. Ukifungua ukurasa mzito, runinga inakwama. Mtoa mada aliapa kwamba runinga ni mbovu. Haikuwa mbovu.

Kujua kama ndilo tatizo lako ni rahisi. Kata intaneti ya Wi-Fi kwenye kompyuta bila kuzima Wi-Fi yenyewe, yaani bofya Disconnect kwenye jina la hotispoti. Kama picha inatulia ndani ya sekunde chache, umempata mchawi. Ukitaka kuona uko chaneli gani kabla ya kukata, andika:

```
netsh wlan show interfaces
```

Tafuta mstari wa `Channel`. Namba kati ya 1 na 13 kwa kawaida ni 2.4 GHz, na kuanzia 36 ni 5 GHz.

Kuna dawa mbili. Ya kwanza ni kuihamisha hotispoti iende 5 GHz kama simu inaruhusu. Simu nyingi zina chaguo hilo kwenye mipangilio ya hotispoti. Ungana kwanza na hotispoti, ndipo urushe skrini, kwa sababu kompyuta ikiwa tayari iko kwenye chaneli fulani, mara nyingi itajaribu kuiweka njia ya runinga kwenye chaneli hiyohiyo, na redio haitakuwa na haja ya kurukaruka. Nasema mara nyingi kwa kuwa kuna chaneli za 5 GHz, zile za 52 mpaka 144, ambazo zinagawanwa na rada, na kwa kawaida vifaa vya Wi-Fi Direct huziepuka. Rauta ya ofisi ikiwa kwenye mojawapo ya hizo, utarudi palepale pa redio moja na mabwana wawili, ingawa kila kitu kinasomeka 5 GHz. Mwambie msimamizi wa mtandao aiweke rauta kwenye 36, 40, 44 au 48.

Dawa ya pili ndiyo ninayoipenda, na sijawahi kuiona ikishindwa: chomeka simu kwenye kompyuta kwa waya wa USB wa kuchajia, ufungue USB tethering kwenye simu. Intaneti inapita kwenye waya, redio ya Wi-Fi inabaki ya runinga peke yake, na simu inachajiwa juu yake. Hakikisha tu waya ni ule unaopitisha data, maana nyingi za bei rahisi hupitisha umeme tu. Kwenye semina ile tulibadilisha hivyo, tukapima tena. Wastani haukushuka sana, ulikuwa 0.19, lakini namba zote tano zilikuwa kati ya 0.17 na 0.21 na mikato ikaisha kabisa. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kinachowaudhi watu ni kuchelewa kusikotabirika. Kuchelewa kwa mwendo uleule jicho hukuzoea ndani ya dakika.

Pale inapogoma kabisa

Ukicheza filamu kutoka kwenye huduma za kulipia, unaweza kukuta madirisha yote yanaonekana runingani ila sehemu ya filamu ni nyeusi, sauti ikiendelea kama kawaida. Si hitilafu. Filamu hizo zina kinga ya kunakili, na mnyororo mzima, kuanzia draiva ya picha mpaka runinga, lazima uthibitishe kinga hiyo inayoitwa HDCP. Kiungo kimoja kikishindwa, picha inafichwa. Usipoteze jioni nzima kubadilisha mipangilio. Fungua programu ya huduma hiyo kwenye runinga yenyewe.

Maandishi madogo ni udhaifu mwingine. Ubanaji wa video hupenda picha zinazobadilika polepole. Ukishusha jedwali la Excel kwa kasi, herufi hugeuka ukungu kwa muda mfupi kisha zinarudi kuwa kali ukisimama. Rangi nyekundu juu ya samawati ndizo zinazoteseka zaidi, kwa sababu kwa kawaida rangi hubanwa kuliko mwanga. Kuza hesabu zako mpaka asilimia 130 au 150, na ushuke kwa hatua badala ya kuteleza.

Windows hurusha kwenye kipokezi kimoja tu cha Miracast kwa wakati mmoja. Ukumbi wenye runinga mbili unahitaji kigawanyio cha HDMI nyuma ya kipokezi, au uchague moja. Umbali nao usiuchezee: mita tano au saba bila ukuta ni salama, na miili ya watu ina maji mengi yanayomeza mawimbi, kwa hiyo jaribio ulilofanya ukumbi ukiwa mtupu litabadilika kidogo viti vikijaa. Weka kompyuta mahali inapoiona runinga, juu ya meza, isiwe chini ya mimbari ya chuma.

Kwenye kompyuta za kazini, jina la runinga linaweza kuonekana na bado ukabofya bila mafanikio. Jaribu kuzima VPN kwanza, kwa kuwa baadhi yake huziba njia zote isipokuwa ile inayopita kwao. Ikigoma bado, andika kwenye utafutaji wa Windows "Allow an app through Windows Firewall" uone kama Wireless Display imewekewa alama, kwa mtandao wa faragha na wa umma pia. Ukikuta imefungwa na huwezi kuibadilisha, hiyo ni amri ya idara yako ya teknolojia, na hakuna ujanja wa ukumbini utakaoifungua. Na kama runinga iliwahi kukubali na siku hizi inakataa, ondoa jina lake kwenye Settings, Bluetooth & devices, Devices, kisha unganisha upya kama mara ya kwanza. Funguo za zamani zikiharibika, pande zote mbili huendelea kung'ang'ania kumbukumbu isiyolingana.

Kwa kazi ambazo 0.2 ya sekunde haivumiliki, kama kuchora mbele ya watu au kuonyesha mchezo, nunua waya wa HDMI wa mita tano uuache kwenye begi pamoja na kiunganishi cha USB-C kama kompyuta yako haina tundu la HDMI. Mimi huanza na Miracast, napiga picha zangu tano za saa, na zikitawanyika hata baada ya kuchomeka simu kwa USB, nautoa waya kabla watu hawajakaa.

Ukimaliza, usifunge tu kifuniko. Bonyeza tena Windows na K, uchague Disconnect. Dirisha lolote ulilokuwa umeliacha kwenye skrini ya pili litarudi kwako, na runinga itabaki huru kwa anayefuata. Kisha washa tena arifa. Shemeji bado anasubiri jibu.